Gemu Linalosuasua kwenye Simu ya Bei Nafuu

Kabla hujagusa mpangilio wowote, tazama kwanza gemu lako linakwama namna gani. Ingia kwenye uwanja wa mazoezi wa PUBG Mobile, simama pembeni ambako hakuna wa kukusumbua, kisha zungusha kamera mduara mzima kwa kidole kimoja. Kama majumba na milima inazunguka kwa ulaini, lakini wachezaji wengine wanatoweka hapa na kuibuka pale, simu haina kosa. Hapo tatizo ni mtandao, na hakuna mpangilio wa picha utakaolitibu. Lakini kama mzunguko wenyewe unaenda kwa kushtukashtuka, kama vile mtu anakushika mkono na kukuachia, basi tatizo limo ndani ya simu yako.

Jaribio hili ni rahisi, lakini wachezaji wengi hulirukia. Wanaposema "gemu linaganda" wanakusanya magonjwa manne au matano chini ya jina moja, kisha wanapakua dawa moja inayodai kuyatibu yote. Ukitulia utaona kila ugonjwa una dalili zake. Kuzunguka kunakoshtukashtuka muda wote, tangu dakika ya kwanza, maana yake chipu ya picha imepewa kazi kubwa kuliko uwezo wake. Kuganda kwa mara mojamoja, nusu sekunde hivi, unapoingia kijiji kipya au gari jipya linapotokea, mara nyingi hutokana na hifadhi iliyojaa. Gemu linalojifunga lenyewe, au linaloanza upya kwa sababu ulitoka kidogo kujibu ujumbe, limekosa RAM. Na gemu linalokwenda vizuri robo saa ya kwanza kisha likazidi kuwa zito kadiri mchezo unavyosonga limezidiwa na joto.

Simu nitakayoieleza hapa ni ya mpwa wangu, mwanafunzi wa chuo mjini Morogoro. Ilikuwa na karibu dalili zote hizo kwa pamoja, na ndiyo maana inafaa kuwa mfano. Ina RAM ya GB 3, hifadhi ya GB 32, kioo cha pikseli 720 kwa 1600, na prosesa ya Helio A22. Hiyo ni chipu ya mwaka 2018 yenye viini vinne tu, na chipu yake ya picha ni ya familia ya PowerVR. Simu za aina hii, zenye chipu hii au nyingine ya kiwango chake, zimejaa mikononi mwa watu kuanzia Kariakoo hadi Kisumu. Hazikutengenezwa kwa ajili ya magemu mazito, lakini zinaweza kuyacheza zikipangwa kwa akili.

Mpwa wangu alikuwa amepanga "Graphics" kuwa "HD" na "Frame Rate" kuwa "Ultra". Hoja yake ilikuwa kwamba gemu lenyewe limemruhusu kuchagua, kwa hiyo simu inaweza. Hapa ndipo wengi wanapopotea. Gemu linapokupa chaguo, linasema tu kwamba chipu hiyo inaweza kufikia kiwango hicho wakati fulani. Halisemi kwamba inaweza kukishikilia kwa nusu saa nzima huku watu kumi wanarushiana risasi mbele yako.

Picha unayoiona kwenye gemu ni mfululizo wa fremu, yaani picha kamili zinazochorwa moja baada ya nyingine. Ukitaka fremu 60 kwa sekunde, simu ina milisekunde 16 na ushei kuchora kila moja. Ukitaka 40, ina milisekunde 25. Ukitaka 30, ina milisekunde 33. Fremu ikichelewa kupita muda wake, kioo hurudia kuonyesha ile ya zamani, na jicho lako linaona mshtuko. Kwa hiyo kinachoudhi si uchache wa fremu peke yake. Kinachoudhi zaidi ni fremu zinazokuja bila mpangilio: tano zimewahi, moja imechelewa, mbili zimewahi, mbili zimechelewa. Kidole kinachozoea mwendo mmoja hulenga vizuri hata mwendo huo ukiwa wa taratibu. Mwendo unaobadilikabadilika haumpi mchezaji nafasi ya kuuzoea.

Kwenye PUBG Mobile, "Medium" ni fremu 25, "High" ni 30, "Ultra" ni 40 na "Extreme" ni 60. Mtu akitazama orodha hiyo hudhani 40 lazima iwe bora kuliko 30. Kwenye simu nyingi za bei nafuu si hivyo, na sababu yake ni kioo. Kioo cha kawaida hujichora upya mara 60 kila sekunde. Fremu 30 zinaingia humo bila kubaki, kila fremu ikionekana kwa mizunguko miwili ya kioo. Fremu 40 haziingii sawasawa: moja hukaa mzunguko mmoja, inayofuata hukaa miwili, na hata chipu ikifanya kazi yake bila kukosea, kamera inayozunguka itaonekana ina kigugumizi. Kwa hiyo nilimshusha mpwa wangu kutoka "Ultra" hadi "High", na yeye mwenyewe alisema gemu limekuwa jepesi zaidi. Namba ilikuwa imepungua kwa robo, lakini mwendo ulikuwa umenyooka. Mwenye simu yenye kioo cha mizunguko 120 hana shida hii, kwa sababu 40 inaingia mara tatu kamili ndani ya 120.

Baada ya hapo tuligusa "Graphics" yenyewe, tukaishusha kutoka "HD" hadi "Smooth". Mpangilio huu unafanya mambo kadhaa kwa pamoja: unachora dunia ya gemu kwa pikseli chache kisha kuivuta ijae kioo, unapunguza majani na mapambo, na kurahisisha vitu vilivyo mbali. Ni kweli picha inapoteza urembo. Lakini wachezaji wengi wazoefu, hata wenye simu za bei kubwa, hucheza kwa "Smooth" kwa hiari yao, kwa sababu majani yakipungua adui aliyelala chini huonekana kwa urahisi zaidi.

Vivuli vinastahili neno la peke yake. Ili kujua kivuli kinaangukia wapi, chipu inalazimika kuitazama dunia ya gemu mara ya pili, safari hii kutoka upande wa jua, na ndipo ichore kile unachokiona wewe. Kwa chipu ndogo hiyo ni kazi karibu maradufu kwa faida ndogo. Zima "Shadows" bila kusitasita. "Anti-aliasing", ile inayolainisha kingo zenye meno ya msumeno, izime pia au iweke kiwango cha chini kabisa. Uchaguzi wa rangi, ule wa "Classic" au "Colorful", hauna uzito wa kuhangaikia. Chagua unachokipenda.

Kwenye Free Fire majina yanafanana: "Graphics" iwe "Smooth", "High FPS" ianzie "Normal", na "Shadow" izimwe. Gemu hilo ni jepesi kuliko PUBG Mobile, kwa hiyo ukishaona mwendo umetulia unaweza kujaribu kupandisha "High FPS" peke yake na kurudia jaribio la kuzungusha kamera. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ukibadilisha vitano kwa mpigo na gemu likapona, hutajua kilichokuponya, na sasisho jipya likija utaanza upya gizani.

Kuna mitego miwili ndani ya menyu ya siri ya Android, ile ya "Developer options". Watu huambiana kwamba "Force 4x MSAA" na "Disable HW overlays" huongeza nguvu ya gemu. La kwanza linailazimisha chipu kulainisha kingo zaidi ya ilivyoombwa, ambayo ni kazi ya ziada. La pili linaichukua kazi ya kupanga tabaka za kioo kutoka kwenye sehemu maalumu iliyotengenezwa kwa kazi hiyo na kuitupia chipu ya picha, ambayo tayari inahema. Yote mawili yaache yamezimwa. Na zile "Animation scale" zinafanya menyu za simu zionekane kuwahi, lakini ndani ya gemu hazina athari yoyote. Kuhusu programu za nje zinazobadilisha mafaili ya gemu ili kufungua viwango vilivyofichwa, ziogope: mwenye gemu anaweza kuhesabu hilo kama udanganyifu na akakufungia akaunti.

Kwenye simu ya mpwa wangu, mipangilio hii peke yake iliondoa ule mshtuko wa muda wote. Kukabaki kuganda kwa nusu sekunde, hasa parachuti inapokaribia ardhi na nyumba zinaanza kujitokeza. Hapo tukafungua "Settings" na kuingia "Storage". Kati ya GB 32, zilizobaki wazi hazikufika hata GB moja: zilikuwa kama 0.9.

Watu wengi hufikiri hifadhi ni sanduku, na kwamba mradi kitu kimeingia, kujaa kwake hakuathiri kasi. Hifadhi ya simu haifanyi kazi hivyo. Data imepangwa katika kurasa ndogo, kurasa nyingi zikiwa ndani ya bloku moja kubwa. Simu inaweza kuandika ukurasa mmoja mmoja, lakini haiwezi kufuta ukurasa mmoja: ni lazima ifute bloku nzima. Nafasi ikiwa nyingi, kila kitu kipya kinaandikwa kwenye bloku tupu na kazi imekwisha. Nafasi ikiisha, hali inakuwa kama daladala iliyojaa, ambapo abiria wa siti ya nyuma akitaka kushuka ni lazima wote waliosimama mlangoni washuke kwanza. Simu inasoma kurasa zinazohitajika bado, inazihamishia kwingine, inafuta bloku, ndipo inaandika kile kidogo ulichotaka. Wakati huo gemu linasubiri kusomewa picha za kijiji unachotua, na wewe umeganda angani.

Simu za bei nafuu huumia zaidi kwa sababu nyingi zinatumia hifadhi ya aina ya eMMC, ambayo haiwezi kusoma na kuandika kwa wakati mmoja. WhatsApp ikiwa inashusha video ya grupu nyuma ya pazia, gemu lako limepangwa foleni. Ndiyo maana kuganda huko kunakuja ghafla na kuondoka ghafla, tofauti na ule mshtuko wa chipu ya picha usiokoma.

Kiasi gani kibaki wazi? Mimi hupenda robo ya hifadhi nzima, na nisingekubali kushuka chini ya asilimia 15. Kwa simu ya GB 32 maana yake ni GB 5 kwa uchache, na GB 8 ikiwezekana.

Mahali pa kuanzia ni WhatsApp, kwa sababu ndiko uzito ulipo kwa watu wengi wa kwetu: magrupu ya familia, ya kanisani au msikitini, ya darasa, ya harusi zilizokwisha pita. Ndani ya WhatsApp ingia "Settings", kisha "Storage and data", kisha "Manage storage". Utaona video zilizosambazwa mara nyingi na mafaili yanayozidi MB 5, pamoja na orodha ya magrupu kwa uzito wake. Futa kwa kuanzia juu. Halafu fungua programu ya mafaili na uende kwenye folda hii, ambayo wengi hawajawahi kuiona:

```
Android/media/com.whatsapp/WhatsApp/Media/WhatsApp Video/Sent
```

Humo mnakaa nakala za video ulizowatumia watu wengine. Ile ya asili iko kwenye galari, nakala iko humu, na zote mbili zinakula nafasi. Hakikisha ya asili ipo, kisha futa nakala. Kwa mpwa wangu, WhatsApp kwa jumla ilirudisha GB 3.6. Telegram ilirudisha GB 1.5 nyingine, kwa sababu kila filamu aliyoitazama humo ilibaki ndani ya simu. Dawa yake ni "Data and Storage", kisha "Storage Usage", ambako unaweza pia kuiamuru ifute yenyewe vitu vya zamani baada ya siku chache. Ukimaliza usafi, rudi WhatsApp na uzime kushusha picha na video bila idhini yako chini ya "Media auto-download". Usipofanya hivyo, uchafu utakuwa umerudi kabla ya mwisho wa mwezi.

Hapa nina onyo ambalo ningependa lisomwe mara mbili. Ukifungua ukurasa wa gemu kwenye mipangilio ya simu utakuta vitufe viwili vilivyokaribiana, "Clear cache" na "Clear storage", ambacho kwenye simu nyingine kinaitwa "Clear data". Cha kwanza kinafuta vitu vya muda tu na hakina hatari. Cha pili kinalirudisha gemu kama siku ulipolisakinisha: ramani zote zinaondoka, utazishusha upya kwa bando lako, na kama ulikuwa unacheza kama mgeni bila kuiunganisha akaunti na Google au Facebook, akaunti yenyewe inaweza kupotea pamoja na kila ulichokipata au kukinunua. Nimeona kijana akilia kwa jambo hili. Unganisha akaunti kwanza, leo, hata kama huna mpango wa kusafisha chochote. Ukitaka gemu lipungue uzito, ingia ndani ya gemu lenyewe na ufute ramani usizozicheza.

Kama simu yako ina sehemu ya kadi ya kumbukumbu, hamishia huko picha, muziki na filamu, na gemu ulibakize ndani. Kadi nyingi zinazouzwa mitaani ni za polepole kuliko hata hifadhi ya simu ya bei nafuu. Kisha usiku huo iache simu kwenye chaji ikiwa imetulia. Android huutumia utulivu wa namna hiyo kuiambia hifadhi ni sehemu zipi hazihitajiki tena, ili bloku ziandaliwe mapema. Baada ya usafi mkubwa, faida nyingine utaiona kesho yake.

GB 2 za mwisho tulizipata mahali ambapo mpwa wangu hakupategemea. Simu yake, kama nyingi za siku hizi, ilikuwa na mpangilio unaodai kuongeza RAM kwa kuazima sehemu ya hifadhi, na yeye alikuwa ameuwasha akiamini sasa ana RAM ya GB 5. RAM haikuongezeka. Kinachotokea ni kwamba programu zilizolala zinahamishiwa kwenye hifadhi, ambayo ni ya polepole sana ukiilinganisha na RAM halisi. Kwa mtu anayeruka kutoka Facebook kwenda benki kwenda kivinjari, mpangilio huo unaweza kumsaidia. Kwa gemu kwenye hifadhi ya eMMC iliyokaribia kujaa, unaongeza foleni palepale palipokuwa na foleni. Tuliuzima, tukawasha simu upya, na nafasi iliyokuwa imeazimwa ikarudi. Hesabu ikafika GB 8.

Kukabaki tatizo la gemu kuanza upya kila alipotoka kujibu ujumbe. Ukiwa na RAM ya GB 3, mfumo wenyewe na huduma zake unachukua sehemu kubwa hata kabla hujafungua kitu, na gemu la aina hii linaweza kutaka zaidi ya GB moja. Nafasi inapobana, Android huanza kuzikandamiza data za programu zilizolala ili zikae padogo, na kazi ya kukandamiza inaila prosesa ileile ambayo gemu linaihitaji. Isipotosha, mfumo unachagua programu za kuua, ukianza na zile usizozitumia. Ukitoka kwenye gemu, lenyewe linaingia kwenye orodha ya wanaoweza kuuawa, na kwa kuwa ndilo kubwa kuliko wote, kuliua kunaachilia nafasi nyingi kwa mpigo.

Wengi wanajibu tatizo hili kwa kufagia programu zote kwenye orodha ya zilizofunguliwa karibuni, au kwa kuweka programu inayojiita kiongeza kasi. Zote mbili zinaleta hasara. Nyingi ya programu unazozifagia zilikuwa zimelala tu, hazitumii prosesa. Ukiziua, zile zenye huduma za nyuma huamka upya baada ya muda mfupi, na kuamka ndiko kunakokula prosesa na kusoma hifadhi, mara nyingi gemu likiwa limeshaanza. Kiongeza kasi nacho kinakaa ndani ya RAM muda wote, kikiua na kuamsha, kikileta matangazo. Kiondoe.

Kinachofaa ni kuzizuia programu chache zisiamke kabisa bila ruhusa. Shikilia ikoni ya programu, ingia kwenye maelezo yake, fungua sehemu ya betri na uchague "Restricted". Kwenye simu ya mpwa wangu tulifanya hivyo kwa Facebook, TikTok, programu mbili za kununua vitu na moja ya habari. Zinaendelea kufanya kazi ukizifungua mwenyewe, ila hazijiamshi zenyewe. Kwenye Play Store tulizima "Auto-update apps", kwa sababu sasisho la programu likianza katikati ya mchezo linashusha, linafungua vifurushi na kuandika kwenye hifadhi, yaani linachukua kila kitu gemu linachokihitaji. Masasisho ayafanye mwenyewe mara moja kwa wiki. Usizibane programu za simu, ujumbe mfupi, kibodi na saa. Saa ikibanwa, kengele ya alfajiri inaweza isilie.

Hatua kali zaidi ni ile ya "Background process limit". Ili kuifikia, nenda "About phone" na ugonge "Build number" mara saba mpaka simu ikuambie kwamba menyu ya "Developer options" imefunguka. Humo, karibu na mwisho, chagua "At most 2 processes". Maana yake ni kwamba mfumo utabakiza programu mbili tu zilizolala nyuma ya unayoitumia. Wapo wanaochagua "No background processes". Mimi siwashauri, kwa sababu hapo hata kutoka kwenye gemu kwa sekunde chache kunatosha kulipoteza, ambalo ndilo hasa tulilokuwa tukilikimbia. Jirani yake kuna "Don't keep activities", na hiyo usiiguse kabisa: inaharibu kila ukurasa unaouacha, na gemu litakurudisha mwanzo kila mara.

Gharama ya kikomo hiki ipo. Ujumbe wa WhatsApp unaweza kuchelewa, muziki unaopigwa nyuma unaweza kukatika, na programu utakazozifungua baadaye zitaanza polepole. Ndiyo maana napenda kwamba mpangilio huu unarudi "Standard limit" wenyewe simu inapozimwa na kuwashwa. Mchezaji anauweka kabla ya kucheza, akimaliza anawasha simu upya na maisha yanaendelea. Mpwa wangu alipoupanga hivyo, aliweza kutoka kwenye gemu, kusoma ujumbe, na kurudi akakuta bado yumo kwenye mechi.

Joto sitalirefusha, lakini lisipoangaliwa linafuta kazi yote hiyo. Prosesa ikipata moto inajipunguza kasi ili isiungue, na hakuna mpangilio wa kuizuia. Vua kava, punguza mwanga wa kioo, na usicheze simu ikiwa kwenye chaji, kwa maana kuchaji ni chanzo cha pili cha joto ndani ya kiganja kilekile. Kuiweka simu kwenye friji ni hatari, kwa sababu mvuke hugeuka maji ndani yake. Zima pia "Battery Saver" wakati wa kucheza, kwani inaipunguzia prosesa kasi kwa makusudi. Habari njema ni kwamba "Smooth" na fremu 30 zenyewe zinapunguza joto, kwa hiyo simu iliyopangwa vizuri inachoka baadaye kuliko ilivyokuwa.

Rudia jaribio la kamera mara mbili: dakika ya kwanza simu ikiwa baridi, na tena baada ya dakika 20 za mchezo wa kweli. Kama zote mbili ni laini, acha kuchokonoa. Kama ya kwanza ni laini na ya pili ni nzito, shusha "Frame Rate" hadi "Medium" na uangalie joto. Na kama ya kwanza tayari ni nzito, huku picha ziko "Smooth", hifadhi ina nafasi na programu za nyuma zimebanwa, basi gemu hilo limeizidi chipu yako, na hakuna usafi utakaoongeza viini vya prosesa. Hapo hamia kwenye Free Fire au Dream League Soccer, ambayo simu ya aina hiyo inayabeba vizuri zaidi. Gemu nalo hubadilika: kila sasisho kubwa likiingia, fungua tena ukurasa wa picha uone kama chaguo zako zimebaki kama ulivyoziacha, na utazame hifadhi, kwa sababu ramani na mavazi mapya huongeza uzito kila mara.